Kuharisha, kukosa choo na tumbo kuchafuka ukiwa kwenye siku zako: maswali ninayoulizwa kila wiki famasi

Mimi nauza dawa huku Temeke, mwaka wa tisa sasa. Kuna swali moja wadada hawaliulizi kwa sauti. Anasubiri wateja wengine watoke, anaegemea kaunta, ndo ananong'ona: anti, mbona nikiingia tu kwenye siku zangu naharisha? Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia, nimeyapanga kuanzia ya kawaida mpaka yale magumu. Ukiona nimekuambia rudi juu, rudi kweli maana sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

Ni kawaida kuharisha ukiwa kwenye hedhi au mimi peke yangu nina tatizo?

Kawaida kabisa. Mwaka 2014 kulichapishwa utafiti wa wanawake 156 wazima, na karibu robo tatu yao walisema tumbo la chakula linawasumbua kabla au wakati wa hedhi, mwingine kuharisha, mwingine choo kugoma, mwingine gesi na tumbo kujaa. Kuharisha peke yake ilikuwa kama mmoja kati ya wanne. Hesabu wanawake waliokaa kwenye daladala moja ya Gongo la Mboto utaona sio wachache, ni vile hakuna anayesema.

Lakini hedhi inatoka kwenye kizazi, choo kinatoka kwenye utumbo, vinakutana wapi?

Havikutani, ila ni majirani wa ukuta kwa ukuta, kama nyumba za uswahilini. Mwisho wa utumbo mpana unapita nyuma ya mji wa mimba, na vyote viwili vimejengwa kwa misuli ya aina moja, ile inayojiminya yenyewe bila wewe kuiamrisha.

Sasa siku hedhi inapokaribia, homoni inayoitwa projesteroni inashuka ghafla. Ile nyama laini iliyokuwa imejijenga ndani ya mji wa mimba inaanza kubomoka, na ikibomoka inatengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndo zinauambia mji wa mimba ujiminye utoe damu, na ndo maumivu yenyewe ya tumbo la hedhi, yale bibi zetu wanayaita chango. Zikiwa nyingi zinamwagikia kwa jirani. Utumbo nao unapokea amri ileile ya kujiminya, alafu unafanya na kitu cha pili ambacho watu hawakijui: unaacha kunyonya maji vizuri na unamwaga maji na chumvi ndani yake. Kubana juu ya maji, hapo lazima ukimbie.

Jina usilitishe sana. Walizigundua mara ya kwanza kwenye mbegu za kiume, wakadhani zinatoka tezi ya prostati, jina likabaki hivyohivyo mpaka leo japo sisi ndo zinatutesa kila mwezi.

Nitaaminije kwamba kweli ni hizo prostaglandini na sio stori tu?

Muulize mama yeyote aliyepewa mizoprosto hospitali baada ya kujifungua ili damu isitoke nyingi. Ile dawa ni prostaglandini ya kutengenezwa kiwandani. Kazi yake ni kuminya mji wa mimba, na miongoni mwa maudhi yake makubwa ni kutetemeka, homa na kuharisha. Yaani ukimpa mtu kemikali hiyohiyo kwa kidonge, utumbo unafanya kilekile unachofanya siku yako ya kwanza.

Mbona inakuwa siku ya kwanza na ya pili tu alafu inaisha?

Kwa sababu prostaglandini zinakuwa nyingi zaidi kwenye masaa kama 48 ya mwanzo ya kublidi. Nyama ikishabomoka na kutoka, kiwanda kimefungwa, na mwili unazivunja haraka. Kwa wengi siku ya tatu choo kinarudi chenyewe bila dawa yoyote. Hii sentensi ishike, nitaitumia tena kwenye swali la flajili.

## Choo kigumu kabla, maji baadae

Mimi kabla ya siku zangu sipati choo hata siku tatu, alafu zikianza naharisha. Inawezekanaje mtu mmoja apate vyote?

Inawezekana na ndo mtindo wa wengi. Baada ya yai kutoka, kama wiki mbili kabla ya hedhi, projesteroni inapanda. Kazi yake ni kuutuliza mji wa mimba ili mimba ikiingia isitikiswe, lakini haichagui misuli, na utumbo nao unaweza kupoa. Chakula kikitembea polepole, utumbo mpana unapata muda mwingi wa kukinyonya maji, kinachobaki ni mawe. Haimpati kila mtu kwa kiwango kimoja, kuna dada wawili wanakula sufuria moja na mmoja hajui hata ninachoongea.

Alafu projesteroni ikishuka breki inaachiwa, prostaglandini zinakanyaga mafuta. Kwahiyo sio magonjwa mawili, ni mzunguko uleule mmoja.

Nikinywa sanamaki siku mbili kabla ili nisafishe tumbo, vipi?

Hapa ndo wengi wanajiumiza wenyewe. Sanamaki haisafishi chochote, inauchapa utumbo mpana ujiminye, na inachukua kama masaa 6 mpaka 12 kufanya kazi. Sasa mtu anakunywa usiku wa kuamkia siku yake ya kwanza, asubuhi sanamaki inafika na prostaglandini zinafika, zote zinaongea lugha moja. Nimeona mtu amekaa kwenye benchi letu hapa nje kijasho kinamtoka, anasema ametegwa, kumbe ni hesabu ya masaa tu.

Kama choo kinagoma, anza mapema, wiki nzima kabla. Maji ya kutosha maana jua la Dar linakunyonya hata ukiwa umekaa, ugali wa dona badala ya sembe, mchicha, papai, ukwaju. Na ukihisi choo nenda, usikibane mpaka ufike nyumbani Chanika. Choo ulichokibana kinazidi kukauka. Ukiwa huna budi kutumia sanamaki, iwe siku tano au sita kabla, sio usiku wa mwisho.

Natumia vidonge vya kuongeza damu, vinaweza kuwa ndo sababu?

Ndio, madini ya chuma yanafunga choo na kukifanya kiwe cheusi. Usiviache mwenyewe kama hospitali walikupa kwa sababu damu ipo chini, rudi waulize kama unaweza kupunguziwa dozi au kunywa siku moja moja.

## Flajili, "taifodi" na daftari

Nikiharisha kwenye hedhi nakunywa flajili na napona. Si inamaanisha nina amiba?

Hapana, na hili ndo swali lililonifanya niandike yote haya.

Kuna dada anauza mitumba Karume, anakaa Mbagala, miaka 27. Alikuja kwangu kununua flajili kwa mara ya nne ndani ya miezi mitano. Alishaambiwa amiba, alishaambiwa na taifodi kwa kile kipimo cha damu cha haraka ambacho kinaweza kusema ndio hata kama huumwi. Kila mara akinywa dawa, siku ya pili ya tatu anapona. Mwezi ujao inarudi, anaambiwa mdudu kawa sugu.

Nikamuuliza, siku zako zilianza lini? Akacheka. Jana. Na ile mara ya mwisho uliyokuja? Akatoa simu akahesabu, ilikuwa siku ya kwanza pia.

Nikamwambia nunua daftari la mia tano, kila siku andika vitu vitatu tu: choo mara ngapi, kigumu au laini au maji, na kama unablidi. Akafanya mizunguko miwili bila dawa ya wadudu. Mzunguko wake ni wa siku 28. Siku ya 24 mpaka ya 27 choo kigumu, siku moja hajapata kabisa, tumbo limejaa mpaka sketi inabana. Siku ya kwanza ya damu choo mara tano, maji. Siku ya pili mara tatu, laini. Siku ya tatu mara moja, kawaida. Homa hakuna, damu kwenye choo hakuna, usiku analala. Mzunguko wa pili karibu sawasawa, tofauti ya choo kimoja tu.

Umeona sasa kwanini flajili "ilimponya"? Alikuwa anainywa siku ya kwanza, na siku ya tatu ingeisha hata angekunywa maji ya dafu. Sifa akapewa flajili. Na dawa za kuua bakteria zenyewe zinaweza kukuharisha, kwahiyo kuna mwezi alijiongezea.

Amiba haijui kalenda. Tumbo la wadudu linakuja tarehe yoyote, baada ya maji au chakula kichafu, mara nyingi na mtu mwingine nyumbani anaugua, linaweza kuja na homa, makamasi au damu kwenye choo, na halisubiri siku zako.

Ikawaje baada ya hapo?

Mzunguko wa tatu tukajaribu ibuprofeni, maelezo yapo swali linalofuata. Alianza jioni alipoona tone la kwanza, siku yake ya kwanza choo kikawa mara mbili, laini. Mzunguko wa nne alijisahau, alianza dawa kesho yake saa saba mchana akiwa tayari ameshakimbia choo cha kulipia mara nne, na safari hiyo haikumsaidia sana. Mimi nikafurahi kidogo, samahani, maana ilinionyesha jambo lenyewe vizuri kuliko ningemwelezea.

## Dawa

Ni dawa gani inazuia, na naitumiaje?

Ibuprofeni, wengi mnaiita brufeni, haifukuzi prostaglandini zilizokwishatengenezwa, inafunga kiwanda kinachozitengeneza. Ndo maana muda ni kila kitu: anza ukiona tone la kwanza au zile dalili unazozijua za kwamba kesho ndo siku. Ukisubiri mpaka tumbo likushike, mzigo umeshatoka kiwandani.

Kwa mtu mzima asiye na tatizo lolote ni miligramu 400, yaani vidonge viwili vya 200, kila baada ya masaa 8, baada ya kula, kwa siku mbili au tatu basi. Usizidishe miligramu 1200 kwa siku bila daktari. Na usichanganye na diklofenaki, ni ndugu moja, unajiongezea madhara tu.

Niseme ukweli, dawa hii imethibitika vizuri kwa maumivu ya hedhi. Kwa kuharisha inasaidia wengi kwa sababu chanzo ni kilekile, lakini sio wote.

Nani asitumie?

Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye tatizo la figo, mwenye pumu inayoamka akinywa aspirini au dawa za jamii hii, mwenye presha ya kupanda au moyo mpaka aongee na daktari, na yeyote anayehisi anaweza kuwa na mimba. Na kwa sisi wa Dar ongezeni hili: ukiwa na homa na mwili kuuma kipindi dengi imetanda, achana na ibuprofeni kabisa kwa sababu dengi inaweza kukutoa damu. Kunywa panado, nenda ukapime.

Panado haitoshi?

Inapunguza maumivu kwa kufanya kazi kwenye ubongo zaidi kuliko kule chini, prostaglandini za mji wa mimba haizigusi sana. Inafaa kwa wale wasioruhusiwa juu hapo, lakini usitegemee izuie kuharisha.

Nilipewa ponstani na ndo nikaharisha zaidi, mbona umesema dawa hizi zinazuia?

Uko sahihi. Ponstani nayo inafunga kiwanda kilekile, ila ina tabia yake ya kuharisha baadhi ya watu. Kama kuharisha kunakuja baada ya kuinywa na sio kabla, iache, mwambie aliyekuandikia.

Loperamidi je? Na buskopani?

Loperamidi inapunguza mwendo wa utumbo, kwa mtu mzima anayejua kabisa hili ni la hedhi na ana safari ya mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, kidonge kinaweza kumwokoa siku hiyo. Usiiguse ukiwa na homa au damu kwenye choo. Buskopani inalegeza kubana, ila kumbuka inaweza kukufungia choo, kama wewe ni wa choo kigumu sio rafiki yako. Ukiharisha maji mara nyingi kunywa ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi.

## Wenye utumbo nyeti

Daktari aliandika IBS kwenye faili langu. Mbona kwenye siku zangu inakuwa mbaya mara mbili?

Kwanza kwa wasiojua: hiyo ni hali ya tumbo kuuma karibu kila wiki kwa miezi, maumivu yanaenda na choo, na choo kinabadilika, lakini ukipimwa utumbo hauna kidonda wala mdudu. Tatizo ni mishipa ya fahamu ya utumbo kuwa mikali kupita kiasi.

Mwanamke wa kawaida akiwa kwenye hedhi utumbo wake unaminywa zaidi. Wewe unaminywa zaidi na pia unahisi zaidi. Waliwahi kupima kwa kuingiza kiputo cha hewa sehemu ya mwisho ya utumbo na kukijaza taratibu, wakakuta wenye hali hii wanapata maumivu mapema zaidi wakati wa hedhi kuliko siku nyingine, wakati wanawake wasio na hali hiyo walibaki vilevile mwezi mzima. Kwahiyo gesi ileile ya maharage uliyoivumilia wiki iliyopita, leo inakukunja. Huigizi, na mumeo akisema unadeka mpe hii asome.

Kwa vitendo: siku mbili tatu zinazozunguka mwanzo wa hedhi, maharage, kunde, maziwa fresh, kahawa na pilipili zipishe. Sio mwezi mzima, siku hizo tu, ndo raha ya kuwa na daftari. Na ibuprofeni kwako iwe kwa uangalifu, ikikuchoma tumbo acha.

## Mambo ya pembeni ila muhimu

Nikiharisha, vidonge vya uzazi wa mpango vitafanya kazi?

Kama unatumia pakiti ya vidonge 28 yenye 7 vya kahawia, damu yako inatoka ukiwa kwenye vile vya kahawia, ambavyo ni madini ya chuma tu. Kuharisha hapo hakuharibu kinga. Lakini ukiharisha vibaya siku mbili au zaidi ukiwa kwenye vile vyeupe, tumia na kondomu mpaka umeze vyeupe siku 7 mfululizo baada ya kupona.

Na kwa taarifa, vidonge hivi vinafanya ile nyama ya ndani iwe nyembamba, prostaglandini zinapungua, wengi tumbo linatulia. Kitanzi cha shaba kinaweza kufanya kinyume, hasa miezi ya mwanzo.

Maumivu yangu ni wakati wa kutoa choo chenyewe, kama kisu, na ni kwenye hedhi tu.

Hapo usiishie kwangu. Inaweza kuwa endometriosisi, ile nyama ya ndani ya kizazi kuota nje yake, wakati mwingine juu ya utumbo. Dalili nyingine ni maumivu wakati wa tendo, maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, na kwa wachache damu kwenye choo inayokuja na hedhi. Nenda kwa daktari wa kina mama na daftari lako, ukipewa rufaa ya Muhimbili usione uvivu. Ultrasaundi ya kawaida inaweza isione kitu, hiyo haimaanishi hauumwi, mwambie hivyohivyo ulivyoniambia: ni kwenye choo, na ni kwenye hedhi.

Nitajuaje damu ni ya hedhi au ya choo?

Jifute mbele kwanza, alafu nyuma kwa karatasi nyingine safi. Kama bado hujui, angalia choo siku ambayo hublidi. Damu iliyochanganyika na choo, au choo cheusi kama lami wakati hutumii vidonge vya damu, nenda hospitali.

Lini nisisubiri hata kesho?

Maji meupe kama ya kuoshea mchele yanayotoka mfululizo, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, anza ORS ukiwa njiani. Homa kali. Kuharisha kunakokuamsha usingizini na kukonda, hii sio ya dharura ya leo ila usiipeleke mwezi ujao.

Na moja ambayo watu wanaikosa: siku zako zimechelewa, alafu unapata damu kidogo isiyo ya kawaida, tumbo linauma upande mmoja, unasikia kama unataka choo lakini hakitoki au kinatoka laini, kichwa kinazunguka, bega linauma. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi na damu inavujia ndani, ndo inayosukuma utumbo. Usije famasi kuomba flajili, panda bajaji nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na useme mlangoni kwamba siku zako zilichelewa.